Ukiandika "bati", Excel ikakuletea misumari

Mteja wa duka la vifaa vya ujenzi hasemi "Rangi ya mafuta nyeupe lita 4". Anasema "nipe ile ya mafuta". Muuza duka mwenye orodha yake kwenye Excel, majina safu A na bei safu B, kuanzia mstari wa 2 hadi wa 400, hana muda wa kuandika jina zima huku foleni inasubiri. Anataka aandike "mafuta" kwenye seli ya D2, bei itokee pembeni.

Fomula ya XLOOKUP inaiweza kazi hiyo, ila lazima iambiwe:

```
=XLOOKUP("*"&D2&"*",A2:A400,B2:B400,"Hakuna",2)
```

Nyota husimama badala ya herufi zozote, ziwe nyingi, chache au zisiwepo kabisa. Alama ya & inazigandisha nyota hizo mbele na nyuma ya kipande ulichoandika, kwa hiyo "mafuta" inakuwa *mafuta*: chochote, kisha mafuta, kisha chochote. Herufi kubwa na ndogo hazina tofauti. Neno "Hakuna" ndilo litakaloonekana bidhaa isipopatikana.

Ile 2 ya mwisho ndiyo inayosahaulika. Bila hiyo, XLOOKUP inatafuta jina linalolingana herufi kwa herufi, na nyota inaihesabu kuwa nyota tu, kana kwamba kuna bidhaa imeandikwa hivyo dukani. Utajibiwa "Hakuna" wakati rangi ipo rafuni. Waliozoea VLOOKUP ndio hasa wanaonaswa hapa, kwa sababu yenyewe, ukimalizia na FALSE, inaielewa nyota bila kuambiwa.

Hilo angalau linajionyesha. Kosa la hatari ni lile linalokuja na jibu zuri. Tuseme mstari wa 2 una "Misumari ya bati kilo 1", shilingi 6,500, na mstari wa 3 una "Bati geji 28 mita 3", shilingi 27,000. Mteja anataka bati, unaandika "bati", Excel inajibu 6,500. Fomula haijaharibika. Inasoma kutoka juu kwenda chini, inachukua jina la kwanza lenye kipande hicho, na hapo inaishia. Kwamba kuna mengine chini yake haikwambii. Ukimuuzia mtu mabati 20 kwa bei hiyo, umepoteza shilingi 410,000 na hakuna alama nyekundu iliyowaka popote.

Dawa ya kwanza ni kuacha kuomba bei peke yake. Mahali pa B2:B400 weka A2:B400, na uache seli ya kulia ikiwa tupu:

```
=XLOOKUP("*"&D2&"*",A2:A400,A2:B400,"Hakuna",2)
```

Sasa jina linatokea pamoja na bei, na ukiona "Misumari ya bati" utashtuka kabla ya kuandika risiti. Mimi nisingemkabidhi msaidizi wa duka fomula inayotoa bei bila jina. Seli nyingine iambie ihesabu ni majina mangapi yana kipande hicho:

```
=COUNTIF(A2:A400,"*"&D2&"*")
```

Ikisema 1, endelea. Ikizidi hapo, ongeza maneno. Nyota inaweza kukaa hata katikati: ukiandika "rangi*lita 20" utapata rangi ya maji ya lita 20 bila kujali kilichoandikwa kati ya maneno hayo. Lakini mpangilio ni lazima uwe ule wa kwenye orodha. "Lita 20*rangi" haitapata kitu. Na ukitaka jina linaloanza na bati tu, ondoa nyota ya mbele, ubaki na D2&"*".

Kuna kituko kingine. D2 ikiwa tupu, nyota mbili zinabaki zimeshikana, maana yake "chochote kile", na fomula inakuletea bidhaa ya kwanza kwenye orodha, kwetu hapa misumari, kabla hujauliza kitu. Zuia hivi:

```
=IF(D2="","",XLOOKUP("*"&D2&"*",A2:A400,A2:B400,"Hakuna",2))
```

Nyota hufanya kazi kwenye maandishi tu. Safu ya kodi za bidhaa zilizoingizwa kama namba, mfano 40125, haitapatikana kwa kuandika 401.

XLOOKUP imo kwenye Microsoft 365 na Excel 2021 na kuendelea. Kompyuta yenye Excel 2016 au 2019 itakuonyesha #NAME?, na hapo VLOOKUP ya zamani inatosha, mradi majina yakae kushoto kwa bei:

```
=VLOOKUP("*"&D2&"*",A2:B400,2,FALSE)
```

Nayo huchukua jina la kwanza vilevile, kwa hiyo ile COUNTIF iache ibaki pembeni yake.