Nondo hukaa upande unaofunguka

Kuna swali la zege ambalo watahini wa uhandisi ujenzi hawachoki kulitunga. Wanakupa mchoro mtupu: boriti imelala juu ya kuta mbili, na ubavuni roshani imechomoza kutoka ukutani bila nguzo ya kuishika mbele. Unaambiwa uchore nondo kuu za kila kimoja. Wanafunzi wengi huzichora chini kotekote, kwa kuwa ndivyo walivyozoea kuona mafundi wakisuka boriti. Boriti inawapa alama. Roshani yao ingeanguka siku ya kuondoa mbao.

Jibu halitoki kwenye fomula, linatoka kwenye umbo la kitu kinachopinda. Chukua ndala yenye soli nene na uchore mistari ya wima ubavuni mwake kwa kalamu ya wino, kwa nafasi zilizo sawa. Iweke juu ya vitabu viwili, kimoja kila ncha, kisha uikandamize katikati. Kwa juu mistari inasogeleana, kwa chini inaachana, na mahali fulani katikati ya unene nafasi haibadiliki hata kidogo. Upande wa juu unabanwa, wa chini unavutwa. Sasa bana ncha moja ya ndala mezani, iache nyingine ielee nje, na ukandamize ile inayoelea. Mambo yamegeuka: mistari inaachana juu na kusogeleana chini. Hiyo ndiyo roshani.

Boriti ya zege hufanya hivyohivyo, ila kwa kiasi kidogo mno ambacho jicho haliwezi kukiona. Zege huvumilia sana kubanwa. Zege la kawaida la nyumba, lililochanganywa na kutunzwa vizuri, likifinyangwa mchemraba wa majaribio na kupelekwa maabara baada ya siku 28, huhimili nyutoni 25 kwa kila milimita mraba kabla ya kusagika. Lakini livute badala ya kulibana, na litakatika kwa nyutoni 2 hivi tu. Ni kama sehemu moja ya kumi ya nguvu yake, wakati mwingine chini ya hapo. Saruji hushika kokoto na mchanga vizuri vikisukumwa pamoja. Vikivutwa kuachana, nyufa ndogondogo ambazo tayari zimo ndani ya zege hufunguka na kuungana.

Tuchukue boriti moja tuione kwa namba. Ina upana wa milimita 200, kimo cha milimita 400, na kuta zinazoibeba ziko mita 4 mbali. Tuseme inabeba kilonyutoni 20 kwa kila mita ya urefu, uzito wake yenyewe ukiwemo na ziada ya usalama ikiwa imeshaingizwa. Kilonyutoni moja ni uzito wa kilo mia hivi, kwa hiyo kila mita imebebeshwa karibu tani 2. Momenti ya kupinda katikati ya boriti ni:

M = wL²/8 = 20 × 4²/8 = 40 kNm

Kwanza tujifanye hakuna nondo hata moja. Kwa boriti ya mstatili, mkazo kwenye ukingo wa juu na wa chini hupatikana kwa kugawa momenti kwa bh²/6. Hapa tunapata nyutoni 7.5 kwa milimita mraba, za kubana juu na za kuvuta chini. Kwa juu hakuna tatizo lolote, maana zege lina uwezo wa 25 na tumetumia chini ya theluthi. Kwa chini tunadai 7.5 kutoka kwa kitu kinachoweza 2. Ufa unaanzia chini, katikati ya boriti, unapanda juu mara moja, na boriti inakatika vipande viwili huku zege la juu likiwa halijachoka hata kidogo. Zege lote lile la juu limeharibika bure, kwa sababu chini hapakuwa na wa kushikana nalo.

Hapo ndipo chuma kinapoingia. Nondo ya kawaida yenye mikunjo huhimili nyutoni 500 kwa milimita mraba ikivutwa. Kwa hesabu za usanifu hatuitumii yote, tunachukua 0.87 yake, yaani 435. Tukiweka nondo chini, mzigo unapambana na nguvu mbili zinazokwenda kinyume: juu zege linabanwa, chini nondo zinavutwa, na kati ya nguvu hizo kuna umbali unaoitwa mkono wa momenti. Umbali huo ndio siri yote. Ukigawa momenti kwa mkono, unapata nguvu ambayo nondo zinapaswa kuvuta.

Tuupime. Kutoka juu ya boriti hadi katikati ya nondo za chini ni milimita 360 hivi, kwa kuwa chini ya nondo tunaacha zege la kuzifunika la milimita 25, na ringi nayo inachukua 8. Kwa makadirio ya kwanza, mkono ni asilimia 90 ya kimo hicho, yaani milimita 324. Kilonyutoni-mita 40 ukigawa kwa mita 0.324 unapata kilonyutoni 123. Ugawe tena kwa 435, na chuma kinachohitajika ni milimita mraba 284 za eneo. Nondo tatu za milimita 12 zina milimita mraba 339. Zinatosha, na zinaenea kwenye upana wa 200 zikiacha nafasi ya kokoto kupita.

Sasa zichukue nondo hizohizo tatu uzipandishe hadi katikati ya kimo, milimita 200 kutoka juu. Chuma ni kilekile, bei ileile, zege lilelile. Mkono wa momenti umepungua kutoka milimita 328 hivi hadi 167 (hapa nimeukokotoa kwa ukamilifu, si kwa ile asilimia 90), na uwezo wa boriti umeshuka kutoka kilonyutoni-mita 48 hadi 25. Mzigo wetu unadai 40. Boriti imepita mtihani mara ya kwanza na kuanguka mara ya pili bila kupungukiwa hata gramu moja ya chuma. Ukizipandisha hadi juu kabisa, karibu ni sawa na kutoweka nondo.

Msijione wajinga ikiwa hili halikuwaingia mara moja. Joseph Monier, mtunza bustani Mfaransa aliyepata hataza mwaka 1867 kwa vyungu vya maua vya saruji vilivyofumwa waya ndani, alikuwa na desturi ya kuweka chuma katikati ya unene. Kwake chuma kilikuwa cha kukipa chombo umbo na kukishikilia pamoja. Ni mhandisi Mjerumani, Matthias Koenen, aliyechapisha mwaka 1886 hoja kwamba chuma kikae upande unaovutwa, pamoja na njia ya kukikokotoa. Tangu hapo zege la nondo likaacha kuwa kazi ya kubahatisha.

Kosa jingine la kwenye mitihani ni kuandika kwamba nondo huzuia zege lisipasuke. Si kweli, na mtahini makini hatakupa alama. Zege hupasuka linaporefuka kwa kama sehemu moja katika elfu kumi. Nondo iliyoshikana nalo imerefuka kiasi hichohicho, na kwa urefukaji huo mdogo inabeba nyutoni 20 hivi tu kwa milimita mraba, ilhali ina uwezo wa 500. Maana yake zege linapopasuka nondo bado iko usingizini. Ni baada ya ufa kufunguka ndipo inaposhtuka na kubeba mzigo wote wa kuvutwa. Kazi yake ni kukatiza ufa na kuufanya ubaki mwembamba, na kwa majengo mengi ya kawaida kikomo ni milimita 0.3. Kwa hiyo nyufa nyembamba kama unywele, zilizosimama wima chini ya katikati ya boriti, si habari ya kutisha. Ufa wa mshazari karibu na ukuta unaobeba ni jambo jingine kabisa: huo unahusu ringi, si nondo kuu, na ukiuona unapanuka, toa watu na umwite mhandisi.

Turudi kwenye roshani, maana ndiko watu wanakoumia. Slabu yake ina unene wa milimita 150, na nondo zinapita juu, zimeingia ndani ya slabu ya chumba kwa urefu wa kutosha kuzishikilia. Kimo kutoka uso wa chini hadi katikati ya nondo ni milimita 125. Mchoro uko sawa, nondo zimefungwa sawa, fundi mkuu ameridhika. Kisha siku ya kumwaga zege inafika, vibarua wanapita na ndoo na matoroli, na njia yao fupi ni juu ya zile nondo. Zinakanyagwa na kushuka milimita 40. Zege linazifunika, na hakuna jicho litakalojua. Kimo sasa ni milimita 85, na karibu theluthi moja ya nguvu ya roshani imepotea kabla haijabeba hata kiti. Boriti iliyolala juu ya kuta mbili ikizidiwa, kwa kawaida hulegea na kuonyesha nyufa kwa muda. Roshani ina mshiko mmoja tu, na nyufa zake hufunguka juu, chini ya vigae, mahali ambapo hakuna anayetazama.

Dawa yake ni rahisi. Nondo za juu zibebwe na vipande vya nondo vilivyokunjwa kama viti, vilivyopangwa karibukaribu, na watu watembee juu ya mbao zilizolazwa kwa ajili hiyo. Zege likiwa bado bichi, chomeka waya mwembamba kutoka juu hadi ugonge nondo, kisha upime: milimita 20 hadi 25 ni sawa, 60 maana yake nondo imekanyagwa na inafaa kuinuliwa papo hapo.

Boriti inayopita juu ya nguzo kadhaa bila kukatika huchanganya tabia zote mbili. Kati ya nguzo inabonyea, chini panafunguka, nondo kuu ziko chini. Juu ya kila nguzo inapinda kinyume, juu panafunguka, nondo kuu ziko juu. Ukiielewa hiyo unajua pia pa kuunganishia nondo zikiwa fupi: za chini huunganishwa karibu na nguzo, za juu huunganishwa katikati, kila moja ikipishana na mwenzake kwa mara 40 hadi 50 ya unene wake, kwa milimita 12 ni nusu mita na zaidi kidogo. Fundi akiunganisha nondo zote za chini katikati ya boriti, sehemu moja, kwa sababu tu ndipo zilipoishia, mwambie azipange upya kabla lori la zege halijafika.