Kiyoyozi Kinapogugumia, Usikimbilie Gesi

Shemeji yangu anakaa Upanga, Dar es Salaam, ghorofa ya nne. Majuzi aliniita nikamtazamie kiyoyozi cha chumbani, maana mimi kazi yangu kwa miaka mingi ilikuwa mafriji na viyoyozi. Kile kipande cha ndani, kilichotundikwa ukutani juu ya kitanda, kilikuwa kinagugumia jioni kama mtu anayekunywa maji kwa pupa. Fundi alikuwa amekwisha kuitwa mara mbili, na mara zote mbili alitoa jibu lile lile: "Mama, gesi imepungua, tuongeze." Shemeji akalipa, fundi akaongeza, na kugugumia kukaendelea kama kawaida.

Sikufungua hata msumari. Nilizima kiyoyozi kwenye swichi ya ukutani, nikaomba chai, tukakaa dakika ishirini. Kiyoyozi kimezimwa kabisa, na bado kinagugumia! Hapo nilijua kwamba gesi imesingiziwa. Gesi husukumwa na kompresa, ile mashine iliyomo kwenye kipande cha nje. Kompresa ikisimama, gesi hutulia baada ya dakika chache. Katika dakika hizo chache utasikia mchirizi na mabubujiko kidogo ndani ya mabomba, kwa sababu ule upande wenye shinikizo kubwa na ule wenye dogo vinasawazishana. Sauti hiyo si ugonjwa. Lakini baada ya dakika ishirini hakuna gesi inayotembea.

Nini basi kilikuwa kinagugumia? Jikoni kulikuwa na feni ya ukutani inayotoa moshi nje, na shemeji alikuwa anakaanga samaki. Madirisha yote yalikuwa yamefungwa kwa sababu ya vumbi na mbu. Feni ile inatoa hewa nyumbani, na hewa inayotoka lazima ifidiwe na nyingine kutoka mahali fulani. Nyumba ikiwa imefungwa vizuri, hewa hupita popote penye tundu, na tundu mojawapo ni lile bomba jembamba la plastiki linalotoa maji ya kiyoyozi nje. Bomba la shemeji lilikuwa limelegea katikati, likafanya tumbo, na maji yakatuama humo. Hewa ikipanda kutoka nje inapita katika maji hayo: glu, glu, glu.

Nilifungua dirisha la sebuleni kiasi cha kiganja. Kimya. Nikalifunga, kikaanza tena. Shemeji alicheka, kisha akanyamaza, nadhani alikuwa anakumbuka fedha alizolipa. Kwenye maghorofa yanayotazama bahari, upepo mkali wa kusi nao waweza kuleta sauti hiyo kwa kuingia moja kwa moja kwenye mdomo wa bomba, hata kama hakuna anayepika.

Dawa yake ni kulinyoosha bomba literemke bila tumbo, na kuacha dirisha wazi kidogo wakati feni ya jikoni inafanya kazi. Bomba lililonyooka likiendelea kuvuta hewa, kuna kilango kidogo cha kuunganisha mwishoni mwa bomba, kinachoruhusu maji kushuka na kuzuia hewa kupanda. Kugugumia kwa namna hii hakuharibu kiyoyozi. Ila kukiandamana na maji kudondoka ukutani, bomba limeziba kwa ute na uchafu, nalo linataka kuzibuliwa.

Kilichoharibu ni ile dawa ya fundi. Mfumo uliokuwa na gesi ya kutosha uliongezewa mara mbili. Gesi ikizidi, shinikizo hupanda, kompresa hupata joto na kuvuta umeme mwingi, na ubaridi wenyewe hupungua. Shemeji alikuwa tayari analalamika kwamba mchana kipande cha nje hujizima chenyewe. Nilimpeleka kijana mmoja mwenye mashine ya kuvutia gesi na mizani. Kibao cha kipande cha nje kilisema gramu 700. Mizani ikaonyesha 910. Akarudisha zile 700, na kompresa ikaacha kujizima. Nani angefikiri kwamba mtu aweza kulipia ugonjwa?

Niseme hapa jambo ambalo wengi hawaambiwi. Gesi ya kiyoyozi haitumiki ikaisha kama petroli. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, ile ile, miaka yote. Ikipungua kweli, ina mahali inapotokea, na kuongeza bila kupatafuta mahali hapo ni kujaza maji kwenye ndoo iliyotoboka.

Dalili ya upungufu wa kweli ni sauti nyingine: mluzi au mchirizi mwembamba usiokatika, ssss, unaosikika muda wote kompresa ikifanya kazi, huku chumba hakipoi. Ukifunua kifuniko utaona sehemu tu ya yale mapezi ya alumini imeganda barafu na sehemu nyingine ni kavu. Lakini usihukumu haraka, kwa sababu chujio lililojaa vumbi nalo hupiga mluzi na nalo huleta barafu. Njia ya kuyatofautisha ni rahisi. Kwa rimoti, weka kiyoyozi kwenye feni tupu, ile alama ya mapanga bila alama ya theluji. Kompresa itasimama, feni ya ndani itaendelea. Ngoja kama dakika kumi. Mluzi ukiendelea, ni wa hewa. Toa chujio, lioshe kwa maji, lianike kivulini, kisha ulirudishe. Mluzi ukifa pamoja na kompresa na kurudi nayo, ilhali chujio ni safi na barafu imeyeyuka, hapo shuku gesi. Mwambie fundi apake povu la sabuni kwenye nati zinazounganisha mabomba ya shaba, ndani na nje, kabla hajafungua mtungi. Mara nyingi povu litachemka kwenye nati. Huku kwetu pwani, chumvi nayo hutafuna shaba na mapezi, na tundu la namna hiyo ni gumu zaidi kulipata.

Nimalizie na tak, tak. Plastiki ya kifuniko ikipoa husinyaa, ikipata joto hutanuka, na hulialia mwanzoni na baada ya kuzima. Iache. Mlio mmoja mkavu kompresa inapoanza, katika mashine nyingi zisizo za invata, ni swichi ndani ya kipande cha ndani ikifunga. Nao uache. Mlio unaofuata mzunguko wa feni, ukienda mbio feni ikienda mbio, ni kitu kinachogusa feni, na mlio wa pale mabawa ya kuelekeza upepo yanapocheza ni meno ya gia yaliyokwisha.

Unaotisha ni mmoja. Swichi inalia tak, kipande cha nje kinanguruma sekunde chache kisha kinazimika, na baada ya dakika kadhaa yanarudi yale yale. Kompresa inajaribu kuondoka na inashindwa. Yaweza kuwa kapasita iliyochoka, au umeme wa mtaa umeshuka mbali chini ya volti 230 saa za jioni. Zima kiyoyozi na upime umeme kwanza. Kila jaribio linaunguza waya za kompresa kidogo kidogo, na kompresa ndiyo sehemu ghali kuliko zote. Shemeji sasa amenunua kifaa cha kulinda umeme, na dirisha lake la sebuleni anapokaanga samaki ameliwekea wavu wa mbu.