Vifungu Vinapogongana Ndani ya Muhtasari

Mkataba wa pango wenye kurasa sita unaweza kufupishwa katika nusu ukurasa, na hapo ndipo makosa ya mkataba wenyewe hupotelea. Tuseme kifungu cha 5 kinamtaka mpangaji atoe notisi ya miezi mitatu kabla ya kuhama, na cha 12 kinasema mwezi mmoja. Mfupishaji mwenye haraka huandika miezi mitatu, kwa kuwa ndiyo iliyotangulia. Mwingine huandika "mwezi mmoja hadi mitatu", na hili ni baya zaidi, maana ni sharti la tatu ambalo hakuna aliyelitia saini.

Kabla ya kuuita mgongano, vifungu vyote viwili husomwa upya kwa ukamilifu. Huenda cha 12 kinamhusu mpangaji ambaye muda wake wa mwaka umekwisha na bado anaishi humo. Hapo hakuna mgongano. Hutazamwa pia viambatisho, na kama kuna kifungu kinachosema kipi kitangulizwe maneno yakipingana. Kisipopatikana, muhtasari huandika hivi: "Kifungu cha 5 kinataka notisi ya miezi mitatu, cha 12 kinataka mwezi mmoja. Mkataba hausemi kipi kifuatwe. Kwa kodi ya shilingi 450,000 kwa mwezi, tofauti ni shilingi 900,000." Maneno hayo hukaa palepale panapoelezwa notisi, kwani anayetafuta habari za kuhama hatafika kwenye tanbihi ya mwisho.

Utata ni jambo jingine: kifungu ni kimoja, maana ni mbili. Kiswahili huuzalisha kwa urahisi kupitia viambishi. "Mpangaji akimwarifu mwenye nyumba kuhusu uharibifu, atautengeneza kwa gharama zake ndani ya siku 14." Nani atautengeneza? Kiambishi "a" kinaweza kumrejelea yeyote kati yao, na "zake" inamfuata huyohuyo. Mfupishaji anayeandika "mwenye nyumba atatengeneza" ameshatoa hukumu. Ni afadhali kunukuu sentensi yenyewe, kisha kuweka usomaji wote wawili na kueleza nani angelipa katika kila mmoja.

Neno "huenda" peke yake halitoshi hapa. "Huenda mwenye nyumba atatengeneza" humfanya msomaji adhani shaka iko kwenye utendaji wa mwenye nyumba, ilhali iko kwenye maandishi. "Mkataba hausemi" ni kauli kuhusu waraka. "Ukurasa wa 4 haukusomeka" ni kauli kuhusu nakala aliyopewa mfupishaji. Zikichanganywa, msomaji hajui aende kumuuliza nani.

Mahakama zina kanuni zao, mojawapo ikiwa kuusoma utata dhidi ya aliyeuandika mkataba. Muhtasari unaweza kuitaja, lakini hauitumii kuchagua jibu. Wala si kila dosari hutajwa: "siku 14" mahali pamoja na "wiki mbili" pengine hupita kimya, kwa kuwa mpangaji atafanya lilelile.