Ukurasa wa Ijumaa

“Somo limefundishwa vizuri na wanafunzi wengi wameelewa.” Mkufunzi anayezunguka shuleni kuwakagua wanachuo walio kwenye mazoezi ya kufundisha huikuta sentensi hii daftari baada ya daftari, pengine imejirudia ukurasa mzima, kilichobadilika ni tarehe tu. Aliyeiandika hakukusudia kudanganya. Lakini akilifungua daftari lake Jumapili jioni ili ajue kesho aanzie wapi, sentensi hiyo haimwambii kitu.

Mwanachuo wa ualimu nchini Tanzania ana karatasi nyingi za kujaza, na ni rahisi kuona daftari la kumbukumbu kuwa mzigo mwingine juu ya ile iliyopo. Andalio la somo huandikwa kabla ya kipindi na hueleza kilichokusudiwa. Shajara la somo huonyesha mada ipi imefundishwa, lini na katika darasa lipi, ili shule ifuatilie mtaala. Daftari la kumbukumbu linamhusu mwalimu mwenyewe. Ndani yake hukaa mambo matatu: kilichotokea darasani, alichoambiwa na waliomwona akifundisha, na kile atakachokibadili wiki inayofuata. Madaftari mengi hufika jambo la pili yakaishia hapo.

Chukua mfano wa mwanachuo aliyepangiwa Hisabati ya Darasa la Tano, darasa la watoto themanini na kitu. Wiki ya kwanza anafundisha kujumlisha sehemu zenye asili tofauti. Kipindi kinakwenda bila vurugu, watoto wanaitikia kwa pamoja, na mkono wake unataka kuandika ile sentensi ya “wameelewa”. Badala yake anachukua madaftari 20 kutoka safu mbalimbali na kuyasahihisha kabla ya kuandika lolote. Katika madaftari 13 anakuta jibu hili: 1/2 + 1/3 = 2/5.

Hapo ndipo penye habari ya kuandikwa. Watoto wamejumlisha kiasi na kiasi, kisha asili na asili, kana kwamba ni namba nne zisizohusiana. Hakuna aliyegundua kwamba 2/5 ni ndogo kuliko nusu waliyoanza nayo. Mwanachuo anaandika mistari mitatu tu: swali lililoulizwa, kosa lilivyojitokeza, na idadi ya madaftari yaliyolibeba. Kazi hiyo inamchukua dakika tano, nayo inafaa ifanyike siku ileile, maana baada ya vipindi viwili vingine kumbukumbu huanza kupachanya darasa na darasa.

Sehemu ya maoni ndiyo inayoharibika kwa urahisi zaidi. Mwalimu mwenyeji aliyekaa nyuma ya darasa anasema mambo mengi akiwa njiani kurudi ofisini, na mwanachuo aliye na wasiwasi hubeba yale yanayompendeza. Au huyafupisha yote kuwa “nimeshauriwa kuboresha mbinu za kufundishia”. Njia iliyo salama ni kuandika maneno ya mwalimu kama alivyoyasema, pamoja na tarehe, kisha kumwomba atie saini. Yenye faida zaidi ni kumwomba kabla ya kipindi aangalie jambo moja tu. Katika mfano huu mwanachuo anamwambia: “Mwalimu, naomba leo uniangalizie ni nani wanaojibu maswali yangu.” Mwenyeji anachora mpangilio wa madawati kwenye karatasi na kuweka alama kila mtoto anapoteuliwa. Mwishoni karatasi inaonyesha maswali 18, na 15 kati yake yamejibiwa na safu mbili za mbele. Pembeni mwenyeji ameandika: “Ukiuliza husubiri. Unajijibu mwenyewe.”

Maoni hayo ya pili yanagusa jambo lililokwisha kuchunguzwa kwa makini. Katika miaka ya 1970, mtafiti wa Kimarekani Mary Budd Rowe alisikiliza kanda zilizorekodiwa katika masomo ya sayansi na kukuta kwamba walimu, baada ya kuuliza, husubiri kiasi cha sekunde moja tu kabla ya kumteua mwingine au kujibu wenyewe. Walipojizoeza kusubiri sekunde tatu au zaidi, majibu ya watoto yalirefuka, na waliokaa kimya bila jibu walipungua. Sekunde tatu ni chache mno zikitajwa. Mbele ya darasa lililonyamaza, mwalimu mgeni huziona ndefu sana, ndiyo maana hazitakuja zenyewe bila kuandikwa kama kazi ya wiki.

Ijumaa, basi, mwanachuo anafungua ukurasa wa wiki. “Nitawashirikisha wanafunzi wote” si lengo, maana hata baada ya mwezi hakuna atakayeweza kusema limetimia au la. Anaandika hivi: “Jumanne na Alhamisi, Darasa la Tano: baada ya kila swali nitahesabu moja hadi tatu kimoyomoyo kabla ya kumteua mtoto. Katika maswali 10 ya kwanza, angalau 6 yaende safu za nyuma. Mwalimu mwenyeji ataweka alama.” Chini yake anaongeza lengo la pili, la somo lenyewe: kabla ya kukokotoa, watoto watakisia kama jibu litakuwa kubwa au dogo kuliko nusu, kisha watakunja vipande vya karatasi mpaka waone kwamba nusu ni 3/6, theluthi ni 2/6, na jumla ni 5/6. Malengo mawili yanatosha. Mwenye malengo sita huingia darasani akiyakumbuka yote na kutotimiza hata moja.

Jumanne maswali 5 yanafika nyuma, Alhamisi 7. Kwa hesabu hiyo lengo limekaribia kutimia, lakini daftari linafichua jambo ambalo halikutarajiwa: watoto wa nyuma wanateuliwa, wanasubiriwa, na bado wananyamaza. Akisoma maswali aliyoyanakili, mwanachuo anaona kwamba mengi ni ya “Tumeelewana?” au “Asili ni ngapi?”, ambayo darasa limezoea kuyaitikia kwa pamoja. Lengo la wiki ya tatu halirudii kusubiri. Linahamia kwenye maswali yenyewe: matatu katika kila kipindi yataanza na “kwa nini” au “umejuaje”, na watoto watanong’onezana na jirani kabla ya yeyote kuteuliwa. Hivi ndivyo lengo moja linavyozaa jingine, na mkufunzi akija anaweza kufuata uzi huo kutoka ukurasa hadi ukurasa.

Mkufunzi mzoefu pia hulitambua daftari lililojazwa usiku wa kuamkia ukaguzi. Mwandiko ni wa mkao mmoja, kila somo limekwenda sawa, hakuna jibu hata moja la mtoto lililonakiliwa, na malengo ya wiki ya nne ni yaleyale ya wiki ya kwanza. Kosa hili si la uvivu peke yake. Anayesoma daftari ndiye pia anayetoa alama, na mwanachuo anaogopa kwamba kosa aliloliandika kwa mkono wake litamhukumu. Chuo kinaweza kuipunguza hofu hiyo kwa kutangaza mapema kwamba daftari linapewa alama kwa jinsi malengo yanavyofuata ushahidi, wala si kwa wingi wa masomo yaliyofana.

Daftari lina mipaka mingine. Halioni asichokiona mwalimu, ndiyo maana jicho la mwenyeji na madaftari ya watoto ni lazima. Upungufu wa vitabu au madawati uandikwe kama sababu, lakini usigeuzwe lengo la mwanachuo asiye na uwezo wa kuununulia dawa. Na kwa kuwa daftari hutoka shuleni na kwenda chuoni, mtoto aliyekosea atajwe kwa safu na dawati lake, kamwe si kwa jina.