Neno kati ya namba na kitu (2): Vitabu vitatu vya Kichina

Mswahili anayeanza kujifunza Kichina hupata nafuu asiyoitarajia. Nomino hazina ngeli, hazina umoja wala wingi. Kitabu kimoja ni shu, na vitabu mia vinabaki kuwa shu. Tatu ni san. Basi anachukua hiki na kile, anaviweka pamoja na kusema san shu, akitumaini kwamba muuza vitabu atamletea vitatu.

Muuza vitabu hasikii vitabu. Lipo neno jingine, nalo ni shu kwa toni ile ile, lenye maana ya mdogo wa baba, na kwa kuwa Wachina huwataja ndugu wa baba kwa namba, san shu ni ami wa tatu. Vitabu vitatu ni san ben shu. Neno ben ndilo linalohesabu, na bila hilo namba haishiki kitabu. Linatakiwa pia mtu anapoonyesha kitu au kuuliza idadi: zhe ben shu ni kitabu hiki, ji ben shu ni vitabu vingapi.

Kwa nini namba isitosheleze? Jibu linaloridhisha zaidi linaanzia kwenye mchele. Hata Mswahili hasemi "michele mitatu" akikusudia punje tatu. Husema punje tatu za mchele, kama asemavyo miche miwili ya sabuni au mafungu manne ya dagaa. Mchele, sabuni na dagaa havina mpaka unaohesabika mpaka mtu auweke. Kichina kinazitendea nomino zake karibu zote hivyo. Shu si kitabu kimoja, ni "kitabu" kwa ujumla wake, na ben ndiyo inayokata kipande kimoja kutoka kwenye ujumla huo. Wapo wataalamu wanaoipinga hoja hii, wakisema Mchina anajua vizuri kabisa kwamba vitabu viko kimoja kimoja na maji hayako hivyo. Ni kweli anajua. Lakini sarufi yake haimlazimishi kuonyesha ujuzi huo kwenye nomino. Kazi hiyo imeachiwa neno la kuhesabia.

Hapo ndipo Kichina kinapoachana na ngeli zilizoelezwa katika makala iliyopita. Kiswahili nacho hukipa kitu alama inapokuja hesabu, ila alama hiyo hubandikwa kwenye namba yenyewe: vitabu vitatu, miti mitatu. Tena haifiki mbali, kwa sababu sita, saba na tisa zilitoka Kiarabuni na hazikukubali kuvishwa viambishi. Zaidi ya hayo, ngeli ni mali ya nomino. Kitabu hakiwezi kuhamia ngeli ya mti kwa sababu msemaji amekitazama kwa jicho jingine. Mchina ana uhuru huo.

Mfano mzuri ni simu. Dianhua ni simu, kifaa na maongezi pia. Yi bu dianhua ni simu moja ya kushika mkononi au kuweka mezani, kwa kuwa bu huhesabia mashine. Yi tong dianhua ni simu moja iliyopigwa. Ke nayo ni somo: yi men ke ni somo la muhula mzima, kama historia au hesabu, na yi jie ke ni kipindi kimoja darasani. Nomino haijabadilika hata herufi. Maana imechaguliwa na lile neno dogo la kati.

Anayefanya biashara na Guangzhou anapaswa kukariri mfano mwingine kabla ya yote. San yue ni mwezi wa tatu, yaani Machi. San ge yue ni miezi mitatu. Mzigo ulioahidiwa kwa moja ya kauli hizo si mzigo ulioahidiwa kwa nyingine, na tofauti yote imebebwa na ge. La kushangaza ni kwamba siku na mwaka havihitaji kitu: san tian ni siku tatu, san nian ni miaka mitatu. Maneno hayo mawili yenyewe ni vipimo, kama kilo na mita, kwa hiyo namba huyashika moja kwa moja. Mwezi haukupewa heshima hiyo, na mwanafunzi hana budi kuukubali ulivyo.

Kila neno la kuhesabia lina ukoo wake wa vitu. Tiao, ambalo asili yake ni kitawi cha mti, huhesabia vitu virefu vinavyopindika: samaki, nyoka, kamba, mto, barabara, suruali. Mpaka hapo macho yanatosha kueleza. Lakini tiao huhesabia pia habari, uhai wa mtu na hata shujaa, na hapo macho hayasaidii tena. Neno limetoka kwenye umbo likatambaa kwenye mazoea, na mazoea hayakokotolewi; hukaririwa.

Watu nao wana daraja zao. Ge ni la kawaida, wei ni la heshima, na kou, yaani mdomo, huhesabia jamaa wa nyumba moja. Mhudumu wa mgahawa huwauliza wageni mlangoni ji wei, wako wangapi, akiwapa heshima. Mgeni anayezingatia adabu hujibu san ge, kwa kuwa mtu hajipi wei mwenyewe, ingawa siku hizi wengi hurudisha wei ile ile waliyoulizwa nayo.

Ge hilo ndilo kimbilio la kila aliyekwama. Watoto wa Kichina hulishika kabla ya mengine, na watu wazima hulitumia ovyo katika maongezi ya haraka. Anayesema san ge shu ataeleweka na vitabu atapewa, ila atasikika kama mtoto au mgeni. Hata hivyo, ge lina mipaka: haliwezi kuhesabia maji wala mchele. Huko kunatakiwa kipimo halisi, kikombe au gunia, na vipimo vya namna hiyo vina tabia tofauti kidogo. Kwa kawaida mtu anaweza kuingiza kiunganishi de baada ya kasha, san xiang de shu, makasha matatu ya vitabu, lakini san ben de shu humkwaruza msikilizaji. Kasha linabeba vitabu. Ben haibebi chochote, inahesabu tu.

Mambo hayakuwa hivi tangu mwanzo. Katika Kichina cha kale namba iliweza kukaa na nomino bila msaada. Lakini katika maandishi ya mifupa ya utawala wa Shang, na baadaye kwenye vyombo vya shaba vya Zhou, miaka kama 3,000 iliyopita, waandishi wakati mwingine waliirudia nomino yenyewe baada ya namba. Chombo kimoja kinahesabu mateka wa vita hivi: "watu 13,081 watu." Wachunguzi wengi huona katika hao "watu" wa pili mbegu ya neno la kuhesabia: nomino iliyorudiwa kama mwangwi, kisha nafasi yake ikachukuliwa na maneno yanayofaa kwa vitu vingi. Katika enzi ya Han neno mei lilikuwa likihesabia karibu kila kitu. Ge, lililoanza kwa kuhesabia mianzi, lilikuja kulipokonya kazi hiyo.

Wajapani walichukua maneno mengi ya namna hii pamoja na mwandiko wa Kichina, wakayatumia watakavyo. Kwao ngisi aliye hai majini huhesabiwa kwa neno moja, akifika kwenye meza ya muuza samaki hupewa jingine, na akishaanikwa akakauka hupata la tatu. Huyo ngisi ataanza makala ijayo.