Tairi la Ndani Halionekani Kiooni

Katika yadi moja ya malori Dar es Salaam, mkuu wa madereva hufanya kikao kabla ya injini kuwashwa. Tairi lililokwisha kutembea hupata joto na upepo wake hupanda, hivyo geji hudanganya.

Kituo kirefu ni nyuma, kwenye matairi pacha. La ndani likipungukiwa upepo, la nje hubeba mzigo wa yote mawili, na kwa mbali lori huonekana limesimama sawa. Lililolegea hujikunja na kuchemka, mwenzake huzidiwa. Barabara ya Tunduma ikishapata jua, mojawapo hupasuka na vipande vyake vyaweza kumwangusha mwendesha bodaboda.

Teke, ambalo madereva wengi hulipenda, halitambui lolote. Pima kwa geji, mulika tochi katikati. Michirizi ya kutu kwenye nati huashiria kulegea: gari lisitoke.