Kisoma diski cha PlayStation 5: Je, gharama ya ziada ina faida?

Kijana wa Adumi aliyenunua mashine ya michezo isiyo na tundu la diski huuona upungufu wake mapema. Kila mchezo lazima aupakue kwa intaneti, na baadhi ya michezo mikubwa hufikia gigabaiti 100. Diski ambayo rafiki yake wa mjini Arua amekwisha kuimaliza haimfai kitu. Kampuni ya Sony huuza kisoma diski cha kupachika, lakini hakiingii katika kila mashine.

Kabla ya kutoa fedha, soma namba ya mashine iliyoandikwa kwenye kibandiko chake. PlayStation 5 Digital Edition ya mwaka 2020, ambayo namba yake huanza na CFI-1, haikikubali kabisa. Ile nyembamba iliyotoka Novemba 2023, yenye namba inayoanza na CFI-2, hukikubali, na vivyo hivyo PlayStation 5 Pro ya mwaka 2024. Xbox Series S haina kisoma cha kupachika, na kisoma cha kompyuta kilichochomekwa kwa waya hakisomi michezo katika mashine yoyote kati ya hizi.

Kukiweka ni rahisi. Zima mashine, chomoa waya wa umeme, ondoa kifuniko cha upande, kisha sukuma kisoma hadi kishike. Mara ya kwanza mashine huhitaji intaneti ili kukisajili. Bila hatua hiyo diski haitachezwa. Anayenunua kilichotumika akijaribu kwanza dukani, mbele ya muuzaji, hadi mchezo ufunguke.

Je, kinalipa? Nchini Marekani mwaka 2023, mashine nyembamba isiyo na kisoma iliuzwa dola 449.99, yenye kisoma dola 499.99, na kisoma pekee dola 79.99. Hivyo anayekinunua baadaye hulipa takriban dola 30 zaidi ya aliyechukua mashine kamili tangu mwanzo. Ambaye hajanunua bado, na anajua atatumia diski, achague mashine kamili.

Kwa aliyekwisha kununua, hesabu ni hii: ikiwa diski iliyotumika inampunguzia dola 20 kwa kila mchezo, dola 80 za kisoma zitarudi baada ya michezo minne. Zaidi ya hapo, diski huuzwa tena au huazimwa. Mchezo uliopakuliwa hauuziki.

Hata hivyo, diski haiondoi intaneti yote. Michezo mingi hudai masasisho makubwa, na diski lazima ibaki ndani kila unapocheza. Kisoma hicho hucheza pia michezo ya PlayStation 4, filamu za Blu-ray na dividii, lakini si sidii za muziki.

Anayecheza mchezo mmoja tu wa mpira mwaka mzima hatazirudisha fedha zake upesi. Anayebadilishana diski na wenzake atazirudisha.